Mita Nne za Mraba

Tovuti ya serikali ya Uingereza ina mfano wa kuwaelekeza watu waliojiajiri na kufanyia kazi nyumbani, na mfano wenyewe unaniudhi kila mwaka. Una vyumba vinne, wanasema. Kimoja unakitumia kama ofisi tu. Bili yako ya umeme kwa mwaka ni pauni 400. Basi gawa kwa nne, dai pauni 100. Na kama unafanya kazi humo siku moja tu kwa wiki, gawa tena kwa saba, dai pauni 14 na peni 29. Safi kabisa, hata mtoto wa darasa la nne anaipata. Ila hivyo vyumba vinne, kanipa nani?

Mimi ni mkalimani na mfasiri wa Kiswahili. Siku nyingine niko mahakamani au hospitalini, namsaidia mama wa Kikongo kumweleza daktari anaumwa wapi. Siku zilizobaki natafsiri nyaraka nyumbani, na nyumbani kwangu ni chumba kimoja cha kupanga, mjini Leicester. Humo ndimo kilimo kitanda, kabati, meza, hita, mabegi mawili yasiyoingia popote, na mtungi wa achari niliopewa na mwenye nyumba ambao siwezi kuumaliza wala kuutupa. Jiko na bafu tunachangia watu watatu: mimi, mwenye nyumba, na mpwa wake asiyelipa hata senti lakini anayemaliza maji ya moto peke yake.

Mwenye nyumba ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu. Leicester wamejaa wazee wa namna yake, waliotoka Kenya na Uganda miaka ya 1960 na 1970, hasa baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972. Kiswahili chake ni cha dukani: hakina salamu ndefu, kina bei. Bei yangu mimi ni pauni 500 kwa mwezi, yaani 6,000 kwa mwaka, na umeme wa chumbani mbali.

Sasa huo umeme na hilo pango, kwa kuwa ndimo ninamopatia riziki, si vitolewe kwenye mapato kabla sijatozwa kodi? Vitolewe, lakini si vyote. Ugomvi mzima uko kwenye hilo la si vyote.

Sheria yenyewe ni ya mwaka 2005, kifungu cha 34, na imekaa katika vipande viwili. Kipande cha kwanza ni kikali: gharama ambayo hukuiingia kwa ajili ya kazi tu, haikatwi. Kuna wakili mmoja wa kike, Ann Mallalieu, aliyedai gharama za nguo zake nyeusi za mahakamani, nguo ambazo asingezinunua kama si kazi. Kesi ilipanda mpaka Baraza la Malodi, na mwaka 1983 akaambiwa hapana, maana nguo hizo pia zilimstiri na kumpa joto. Nikikumbuka kesi ile natazama hita yangu kwa mashaka. Kipande cha pili ndicho kinachotuokoa sisi wa chumba kimoja: gharama ikiwa na sehemu inayotambulika kuwa ni ya kazi tu, sehemu hiyo unaruhusiwa kuikata. Kwa hiyo hutakiwi kuthibitisha kuwa chumba chote ni ofisi. Unatakiwa uoneshe sehemu, na ueleze umeipataje.

Kwa wavivu kuna njia ya mkato, na sisemi kwa dharau, maana nimeitamani sana. Unahesabu saa unazofanya kazi nyumbani kwa mwezi. Zikiwa kati ya 25 na 50, unakata pauni 10. Zikiwa 51 hadi 100, pauni 18. Zikizidi hapo, pauni 26, hata kama hulali. Hakuna risiti ya pango wala bili ya umeme inayohitajika. Simu na intaneti unazipigia hesabu pembeni. Mimi kwa wiki ya kawaida nafanya kazi nyumbani saa 30, kwa mwezi kama saa 130, kwa hiyo ningeangukia kwenye 26. Mara 12 ni pauni 312 kwa mwaka, na hiyo ni kama sikupumzika mwezi hata mmoja. Kati ya pango la 6,000. Nilipoona hivyo, uvivu ukaniisha.

Upande wa pili yuko rafiki yangu wa kutoka Morogoro, dereva wa kujiajiri ambaye ushauri wa kodi anautoa bure, na thamani yake ni hiyohiyo. "Kata nusu," akaniambia. "Mchana ofisi, usiku nyumba. Nusu kwa nusu, nani atabisha?" Atabisha yeyote atakayeuliza kitanda kinakaa wapi. Kitanda changu hakitoki nje saa tatu asubuhi na kurudi jioni. Kipo palepale, kimekula robo ya chumba, na mchana kutwa kinanitazama. Nikidai nusu ya pango maana yake nadai pango la kitanda, la kabati na la mtungi wa achari, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichowahi kutafsiri cheti cha kuzaliwa.

Nikaazima futi kwa mwenye nyumba. Hilo lilikuwa kosa lake, kunipa.

"Wewe bwana, napima nini?"

"Napima ofisi, Mzee."

"Ofisi gani? Mimi napangisha chumba ya kulala."

Akabaki mlangoni kuhakikisha siandiki chochote ukutani. Chumba kikatoka mita za mraba 14. Nikapima na jiko na bafu, kwa sababu zile pauni 500 hazinunui chumba peke yake. Zinanunua na haki ya kupika na kuoga. Watu wengi wanalisahau hili, wanagawanya pango lote kwa ukubwa wa chumba tu, na hapo dai linavimba bila wao kujua. Jiko na bafu kwa pamoja vilitoka mita 18. Kwa watu watatu, fungu langu ni 6. Kwa hiyo ninachokipanga ni mita 20. Mzee alikubali hesabu hiyo haraka sana, akasema mpwa wake asihesabiwe kwa kuwa halipi. Nikamwambia anaoga.

Halafu pembe ya kazi. Hapo ndipo mtu anapopata kishawishi. Nikapima meza, nafasi ya kurudisha kiti nyuma, na rafu ya makamusi: mita mbili kwa mbili, yaani mita 4 za mraba. Kati ya meza na dirisha kuna njia ambayo ningeweza kuidai, lakini njia hiyo ndiyo ya kwenda kitandani, nikaiacha. Mita 4 katika 20 ni sehemu moja ya tano. Moja ya tano ya 6,000 ni pauni 1,200.

Ningekuwa naitumia pembe hiyo kwa kazi tu, hesabu ingeishia hapo. Mpangaji aliyetenga kona yake, akaifanya ya kazi na si kitu kingine, hana haja ya kuigawa tena kwa saa, eneo linatosha. Tatizo ni kwamba mimi meza ninayo moja. Juu yake natafsiri hati ya talaka, na juu yake nala ugali. Hapo hapo naangalia mpira, hapo hapo naongea na mama Tanga kila Jumapili mpaka anapokumbuka kuwa mazungumzo yana bili. Kwa hiyo baada ya eneo lazima uje muda.

Na muda una mtego wake. Wengine wanagawa kwa saa 168 za wiki nzima. Ukifanya hivyo kwenye meza unajidhulumu, maana unahesabu na saa ambazo meza haitumiki na mtu yeyote, umelala. Swali la haki ni hili: saa ambazo pembe hii inatumika, ngapi ni za kazi? Nikabandika karatasi ukutani, kwa ruhusa, nikawa naandika. Wiki ya kawaida ikatoka saa 30 za kazi na saa 10 za ugali, mpira na mama. Saa 30 katika 40 ni robo tatu. Robo tatu ya 1,200 ni pauni 900. Hiyo ndiyo sehemu ya pango.

Nikaijaribu kwa njia nyingine, kwa sababu hesabu inayokupendelea inatakiwa iulizwe mara mbili. Safari hii nikachukua chumba kizima bila kukata pembe, na hapo kulala nako ni matumizi, huwezi kukuruka. Kwa wiki nakuwa chumbani saa kama 120, kulala na yote. Za kazi ni 30, yaani robo. Chumba peke yake, bila jiko na bafu, ni mita 14 katika 20, kwa hiyo kinabeba pauni 4,200 za pango. Robo yake ni 1,050. Hazilingani na 900, lakini ni majirani. Kama moja ingetoka 900 na nyingine 2,500, ningejua mahali fulani nimekipangisha kitanda. Nikabaki na 900, kwa sababu ndiyo naweza kuieleza kwa futi na karatasi, na kwa sababu ndiyo ndogo. Kinachotakiwa zaidi baada ya hapo ni kutorukaruka: njia uliyotumia mwaka huu uitumie na mwakani, mpaka maisha yenyewe yabadilike.

Umeme ulikuwa rahisi zaidi, na sifa zote zimwendee mwenye nyumba na roho yake. Mzee huzima joto la nyumba nzima saa tatu asubuhi, watu wakishatoka. Kwamba mimi sitoki, hilo analiona ni chaguo langu. Nikanunua hita. Alipoisikia inavuma, akaja na kidude cheupe, akakichomeka kwenye soketi yangu, na hita pamoja na vitu vyangu vyote vya umeme vikachomekwa juu yake: mita ndogo ya kuhesabu yuniti. Tangu siku hiyo, kila mwisho wa mwezi huinama na miwani yake, husoma namba, huandika kwenye daftari la kimistari, na hunitoza peni 25 kwa yuniti, kama bili yake inavyosema. Nilinuna sana. Sikujua kuwa ananitengenezea ushahidi.

Maana bila mita, umeme unabaki kuugawa kwa vyumba kama kwenye ule mfano wao, ukidhani vyote vinakula sawa. Kwa mita unajua. Laptopu, skrini ya pili na taa ya mezani kwa pamoja vinavuta wati kama 100. Saa 30 kwa wiki ni yuniti 3, na kwa wiki 48 za kazi ni yuniti 144. Mara peni 25, pauni 36. Ndiyo hizo tu. Mwaka mzima wa kutafsiri, pauni 36. Mtu anayedai kompyuta inammalizia umeme hajawahi kuipima.

Mlaji ni hita. Hii ni ya wati 1,000, na kwa kuwa inajizima na kujiwasha, katika saa sita za kazi inavuta kweli kwa saa kama tatu. Yuniti 3 kwa siku, siku tano, wiki 20 za baridi: yuniti 300, pauni 75. Na ndiyo, inanipa joto mimi mwenyewe, kama nguo za yule wakili. Tofauti ni kwamba kupasha joto mahali pa kazi kwa saa za kazi mamlaka ya kodi inakukubali, na saa hizo ninazo kwenye karatasi. Jioni nikiiwasha kwa ajili ya mpira, hizo yuniti ni zangu na timu yangu. Birika la chai sikuligusa. Chai ni tumbo, na tumbo halina kipande cha pili cha sheria.

Jumla ya umeme, pauni 111. Hapa niseme jambo moja kwa wale ambao pango lao linajumuisha umeme, na ndio wengi kwenye vyumba vya namna hii. Ukishakata sehemu ya pango, umeme umo humo ndani tayari. Usiutafutie mstari wake tena. Kosa hilo ni jepesi kufanya na jepesi kuonekana, maana atakayekuuliza atataka risiti ya umeme, na wewe huna.

Kwa hiyo 900 na 111 ni pauni 1,011. Nikajipongeza kwa soda. Kisha nikakumbuka kuwa yeyote aliyejiajiri ana msamaha wa pauni 1,000 za mapato kwa mwaka bila kuulizwa risiti wala futi, kwa sharti kwamba akiuchukua asidai gharama nyingine yoyote. Yaani kupima kote kule, karatasi ukutani, magoti yangu sakafuni, vimeushinda mkono mtupu kwa pauni 11. Bahati yangu nina na nauli za treni za kwenda mahakama za Birmingham na Nottingham, simu, na programu za tafsiri, kwa hiyo gharama zote kwa pamoja zinaupita msamaha huo kwa mbali. Lakini kama wewe gharama zako zote za mwaka hazifiki 1,000, rudisha futi ya watu.

Mzee hakulala siku hiyo. Asubuhi alinigongea.

"Wewe naandika jina yangu kwa serikali?"

Hofu yake ilikuwa kwamba mimi nikisema nalipa pango, wao watamuuliza pango lilikwenda wapi. Nikamweleza kwa taratibu, kama anavyostahili mtu wa umri wake. Anayepangisha chumba chenye samani ndani ya nyumba anayoishi mwenyewe anaruhusiwa kupokea hadi pauni 7,500 kwa mwaka bila kodi. Kwangu anapata 6,000 na vijisenti vya umeme, ambavyo navyo vinahesabiwa, na bado hafiki. Akauliza kama neno ofisi halitamharibia. Lingemharibia kama angempangishia mtu chumba kiwe ofisi tu. Mpangaji anayeishi humo na kufanya kazi kwenye meza yake hamwondoi kwenye nafuu hiyo. Akatulia. Nikaitumia nafasi hiyo kumwomba risiti za pango zenye tarehe, pamoja na nakala ya kurasa za lile daftari la mita, kwa sababu kumbukumbu hizi natakiwa nizitunze miaka mitano baada ya tarehe 31 Januari ya kuwasilisha ritani. Risiti alinipa. Daftari alisema nipige picha, asinipe mkononi.

Kisha akataka kujua napata ngapi. Mfanyabiashara hamwachi mtu aondoke bila kujua hilo. Nikamwambia ukweli: ukilinganisha na ile njia ya mkato, nimekata pauni 699 zaidi. Kodi yangu ni asilimia 20, na mchango wa Bima ya Taifa kwa sisi tuliojiajiri ni asilimia 6 juu yake. Kwa hiyo kinachobaki mfukoni ni karibu pauni 182 kwa mwaka.

Akanyamaza akihesabu. Naijua ile sura. Ndiyo aliyokuwa nayo alipoleta kidude cheupe.

"Sasa serikali nasaidia wewe kulipa pango," akasema. "Basi mimi naongeza pauni 25 tu. Serikali atalipa."

Nikachukua kalamu. Pauni 25 kwa mwezi ni 300 kwa mwaka. Sehemu ya kazi ni moja ya tano, halafu robo tatu yake, yaani asilimia 15: pauni 45. Asilimia 26 ya 45 ni pauni 11 na peni 70. Katika pauni 300, serikali inanipunguzia 11 na peni 70. Pauni 288 na peni 30 zinatoka kwangu, kwa mtu anayekula ugali juu ya makamusi.

Akaivuta ile karatasi, akavaa miwani, akapitia mstari kwa mstari. Hakupata kosa. Akairudisha mezani, ndani ya zile mita nne.

"Hesabu iko sawa," akasema. "Naanza Aprili."